Sauti ya Karani

Kabla ya kumwiga mtu, msikilize anavyovuta pumzi. Wengi wanaojaribu kuiga huanza na maneno, hasa lile neno moja ambalo rafiki yao hulirudia kutwa, na ndiyo sababu miigo mingi ya mezani huchekesha mara moja kisha inachacha. Mtu hujulikana zaidi kwa yale anayofanya kabla neno halijatoka: anavyokohoa kidogo, anavyoshika kidevu, anavyonyamaza pale ambapo mwingine angekimbilia jibu. Ukiyapata hayo unaweza kumwiga bila kusema lolote, na meza nzima ikamtaja kwa jina.

Nayajua haya kwa sababu ni sehemu ya kazi yangu. Mimi ni emsii hapa Nakuru. Nashika maiki kwenye harusi, kwenye sherehe za kuaga wanaostaafu na kwenye karamu za vyama vya marafiki, kuanzia Lanet hadi Njoro, na bibi harusi akiwa wa upande wa magharibi navuka hadi Kisumu au Bungoma. Karibu kila kamati hunijia na ombi lilelile: kuwe na kipande ambacho marafiki watamchongoa bwana harusi. Wakipewa nafasi hiyo hawaishii kusimulia visa vyake. Watamwiga anavyotembea, anavyopokea simu, anavyoagiza nyama.

Mtu akitaka nimsaidie kuandaa mwigo, namwomba jumbe za sauti za huyo rafiki kwenye WhatsApp, zile za kawaida ambazo hakujua kwamba kuna atakayezisikiliza kwa makini. Nazisikiliza zaidi ya mara moja. Kwanza nafuata mwendo tu: wapi anaharakisha, wapi anaburuta. Halafu nafuata kupanda na kushuka kwa sauti, maana kuna watu sauti yao hupanda mwishoni mwa kila sentensi hata wakisema jina lao. Mwisho natafuta anavyofanya akikaribia jambo gumu, kama kukopa pesa au kukataa kukopesha. Hapo ndipo sauti na tabia hukutana, na hapo ndipo pana kicheko chenye maana.

Kati ya hayo yote unachukua mambo mawili au matatu na kuyakuza. Ukichukua yote utafanana naye sana, na kufanana sana hakuchekeshi. Watu watashangaa tu na kuendelea kula. Kisha unampeleka rafiki mahali ambapo hajawahi kuwa. Kama ni mtu wa kuhesabu chenji mara mbili, mpeleke mbele ya mtume mlangoni mwa mbinguni na umwache ahesabu. Kipimo changu ni hiki: ile sentensi uliyomtungia, ambayo hajawahi kuisema maishani, je, waliomzunguka wanaapa kwamba angeisema? Ikiwa wanaapa, umemjua. Ikiwa umechukua sauti yake tu na kuitia upumbavu wowote unaotaka, hapo hujamwiga mtu.

Kuna jambo moja la mwili ambalo linaeleza kwa nini mwigo unaweza kuuma hata ukifanywa kwa upendo. Sauti yako mwenyewe unaisikia kwa njia mbili. Sehemu yake inatoka mdomoni, inapita hewani na kuingia masikioni, kama wengine wanavyoisikia. Sehemu nyingine inapitia mifupa ya fuvu hadi ndani ya sikio, na mifupa inapitisha vizuri zaidi ile sauti nzito ya chini. Kwa hiyo ndani ya kichwa chako una sauti nene kuliko ile ambayo dunia inaisikia. Ndiyo maana watu wengi wakijisikia kwenye rekodi kwa mara ya kwanza hukunja uso na kuuliza huyu mwenye sauti nyembamba ni nani.

Sasa fikiria mezani. Mwigo unaanza, watu kumi wanamtambua mtu papo hapo, wanapiga meza na kushikana mabega. Mmoja tu hamtambui, naye ni mwenyewe. Wenzake wana miaka mingi wakiisikia sauti hiyo. Yeye ndiye anayeisikia upya, na anaisikia ikiwa imekuzwa, mbele ya watu. Tabia nazo ni hivyohivyo. Hakuna anayejua kwamba hulamba midomo kabla ya kutaja pesa mpaka aonyeshwe. Kwa hiyo ile dakika ya kwanza ambapo rafiki anakutazama kwa mshangao si dalili ya hasira. Anapokea habari. Mpe nafasi aipokee.

Nina rafiki ambaye nitamwita Karani, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyomwita. Anauza vipuri vya magari mjini, na ndiye mweka hazina wa chama chetu tangu kilipoanza. Ni mtu wa utaratibu. Hawezi kusema kiasi cha pesa mara moja akaridhika. Husimama, hukohoa kikohozi kifupi kisichotokana na ugonjwa wowote, hugonga meza kwa kalamu, kisha anaanza: "Kwanza kabisa." Akitaja mchango, sauti inashuka kana kwamba kuna mwizi dirishani. "Mia tano. Narudia, mia tano. Tuko pamoja?"

Aliyeanza kumwiga ni rafiki yetu mwingine, Dereva, anayeendesha matatu ya Nakuru na Kisumu. Dereva ana sikio ambalo mimi mwenye kazi hii nalionea wivu. Mwigo wake wa kwanza ulikuwa Karani akimposa mkewe. Alisimama, akakohoa kile kikohozi, akagonga kikombe kwa kijiko. "Dada, kwanza kabisa, shukrani kwa kufika. Nakupenda. Narudia, nakupenda. Kama kuna swali liulizwe sasa, kabla sijafunga ajenda."

Tulicheka hadi mwenye hoteli akaja kuangalia. Karani alitazama kwa ule mshangao niliousema, kisha akacheka hadi akatoa miwani, na alipopata pumzi alimsahihisha: "Hapana, bwana, sikusema kuna swali. Nilimuuliza kama kuna pingamizi." Mkewe akathibitisha kwamba kweli ndivyo alivyouliza. Dereva akalichukua neno hilo na kuliweka kwenye mwigo kuanzia siku hiyo.

Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko kicheko, mwenyewe anapoongezea. Akisahihisha, akitoa kisa kingine, akisema "umesahau ile ya kufunga daftari na mpira", basi mwigo bado ni wake. Kwa muda mrefu ulikuwa hivyo. Karani alikuwa kama mwandishi mwenza wa Karani wa Dereva.

Mambo yaligeuka kwenye harusi ya shemeji yake, hapa hapa Nakuru. Sikuwa emsii siku hiyo, nilikaa na marafiki upande wa kushoto wa tenti. Wazazi wa mkewe Karani walikuwa wametoka Bungoma na kuketishwa mbele, baba mkwe akiwa na suti yake na fimbo yake. Emsii alimpa Dereva maiki. Alianza vizuri, kikohozi, kalamu, kwanza kabisa. Lakini tenti ilikuwa kubwa, wengi hawakumjua Karani, na kikohozi cha mtu usiyemjua hakikuchekeshi. Kicheko kilitoka kwenye meza yetu tu. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watu mia tatu akiwa amechekesha wanane anajua kinachofuata. Mkono unatafuta kitu ambacho kila mtu anakijua. Dereva alikipata. "Papa mkwe," alisema, "hii kari ilikuwa ya tata. Narutia, ya tata." Tenti nzima ikapasuka.

Kwa msomaji ambaye hajakaa huku, nieleze. Katika Kibukusu, lugha ya kina baba mkwe huko Bungoma, sauti za b, d na g tunazozijua kwenye Kiswahili hupatikana tu zikitanguliwa na m au n. Penginepo kuna p, t na k, na hata ile b inayoandikwa ni ya midomo isiyofungwa sawasawa. Kwa hiyo Mbukusu aliyejifunza Kiswahili ukubwani anaweza kusema kari badala ya gari na tata badala ya dada. Wajaluo nao hawana sh wala z katika lugha yao, ndipo shati likawa sati na zawadi ikawa sawadi. Wakikuyu hawatenganishi l na r. Kila mtu Nakuru anajua ramani hii, kwa sababu mji huu umejengwa na watu kutoka kila upande, na mtoto wa hapa hujifunza kuiga lafudhi nne kabla hajajua kupiga mswaki vizuri.

Lakini waigaji wengi wa lafudhi huiga ramani badala ya mtu. Unawajua kwa kosa moja dogo. Mbukusu halisi hana shida na mb, nd na ng, kwa sababu anazo katika lugha yake mwenyewe. Mbwa kwake ni embwa. Ndizi akiikosea atasema ndisi. Anayesema "ntisi" hajawahi kumsikiliza Mbukusu yeyote, amesikiliza wachekeshaji. Na Dereva mwenyewe, mwenye sikio lile, siku hiyo alisema ntisi.

Zaidi ya hapo, Karani hana lafudhi hiyo. Amezaliwa na kusoma Nakuru. Gari lake ni gari na dada zake ni dada. Mwenye lafudhi hiyo katika tenti ile alikuwa baba mkwe.

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatabasamu, kwa adabu, kama mgeni anavyotabasamu. Huko kwao mtu na wakwe zake wana heshima nzito kati yao. Kuna mahali hawakai, kuna maneno hayatamkwi. Mjukuu anaweza kumtania babu yake kuhusu meno na kutembea na hata kumwita mume mwenza, na babu akafurahi, kwa sababu utani una watu wake. Mkwe hayumo kabisa katika orodha hiyo. Na sasa sauti ya mzee ilikuwa ikitoka kwenye spika mbili kubwa, imevalishwa jina la mkwewe, na watu wanalia kwa kucheka. Karani hakumtazama Dereva. Alikuwa akimtazama mzee, kisha mkewe, kisha mzee tena. Alicheka pia. Alicheka kuchelewa kidogo, na akaacha kabla ya wengine.

Sipingi lafudhi jukwaani. Ucheshi wa Kenya umeishi juu yake miaka mingi na mimi naitumia. Lakini nina kipimo chake pia. Chukua mzaha huo, usemwe kwa Kiswahili kisicho na lafudhi yoyote. Ile ya Karani kumposa mkewe kama anafungua mkutano inachekesha hata ikisomwa na mtangazaji wa taarifa ya habari. "Hii gari ilikuwa ya dada" haimchekeshi mtu yeyote. Basi kilichochekwa pale ni kabila tu, na rafiki alikuwa kisingizio. Na Nakuru si mji wa kuchezea hilo kwa wepesi. Waliokuwa hapa mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, wanakumbuka kwamba jina kwenye kitambulisho na namna unavyotamka Kiswahili yalikuwa mambo ya kuamua kama utapita barabarani au la.

Hata hivyo, si harusi ile iliyomvunja Karani. Harusi iliisha, Dereva aliambiwa na mkewe kwamba amezidisha, kisha yeye na Karani wakasalimiana. Kilichomvunja ni kwamba mtu fulani alirekodi.

Kipande kile kilizunguka. Baada ya muda, vijana wa steji waliokuwa hawajawahi kumwona Karani walikuwa wanasema "narutia" wakihesabu nauli. Watoto wa mtaani kwake walikuwa wanakohoa akipita. Walichokuwa wakiiga si Karani. Walikuwa wanamwiga Dereva akimwiga Karani, na kila mmoja akiongeza lake. Karani wa steji alikuwa bahili, jambo ambalo Karani wa kweli si; ada za watoto wa watu wawili ninaowajua zimewahi kutoka mfukoni mwake bila tangazo. Karani wa steji alikuwa anawaogopa wanawake. Karani wa steji alisema ntisi.

Wakenya wa umri wangu wana mfano mkubwa wa hili. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Moi, kundi la Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walithubutu kumwiga rais hadharani akiwa bado ikulu. Mong'are, anayejulikana pia kama Nyambane, ndiye aliyekuwa Moi: ile sauti ya mkwaruzo, ule mwendo wa taratibu, rungu mkononi. Sisi wa Nakuru, ambao Kabarak, nyumbani kwake Moi, iko karibu nasi, tulikuwa tukimwiga kwa kunong'ona tu, kwa hiyo kuona jambo hilo likifanywa waziwazi kulitushtua. Moi aliondoka madarakani 2002 na kufariki Februari 2020. Vijana waliozaliwa baada ya yeye kuondoka bado wanamwiga, na ukiwasikiliza vizuri, wanayemwiga ni Nyambane.

Kwa Moi hilo halikudhuru. Alikuwa na redio na televisheni ya taifa iliyofungua taarifa ya habari na shughuli zake za siku, kwa hiyo sauti yake halisi ilikuwa kubwa kuliko mwigo wowote. Mwigo ulimpunguza, na mtu mwenye nguvu kiasi hicho ana cha kupunguziwa. Mweka hazina wa chama hana taarifa ya habari. Ana dakika tano kila mkutano za kusimama na kuaminiwa. Hizo ndizo zilizochukuliwa.

Mama wa mwenzetu mmoja alifariki, na tukakutana kwenye kamati ya mazishi. Zilikuwa zile jioni za viti vya plastiki na chai ya jirani, daftari la michango likizunguka. Bili ya hospitali ilikuwa haijalipwa na mwili usingetoka. Karani alisimama kueleza hesabu: kilichopatikana, kilichobaki, nani ameahidi. Alikohoa. Mtu mmoja nyuma akakohoa pia, hata sidhani alikusudia. Karani akasema, "Kwanza kabisa," na kicheko kidogo cha puani kikapita kwenye viti. Alinyamaza. Akajaribu kuanza na neno jingine, likakwama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwenye pesa, "Naomba tuheshimiane. Narudia, tuheshimiane."

Watu walicheka. Hata mfiwa alicheka, akiwa ameshika kitambaa usoni. Sidhani kulikuwa na ubaya moyoni mwa yeyote pale. Sauti ile ilikuwa imekwisha kuwa mzaha, na yeyote aliyeisikia alijibu kama mtu anavyojibu mzaha. Karani alifunga daftari, akampa aliyekuwa karibu naye na kukaa.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko lingine lolote katika kazi hii. Mchongoano wa kawaida una zamu. Ukisema nyumba yetu ni ndogo hadi panya wanatembea kwa zamu, mimi nina haki ya kujibu kuhusu nyumba yenu, na waliosimama wataamua nani amemshinda mwenzake. Maneno yangu ni silaha yangu. Mwigo unanyang'anya silaha hiyo kwa sababu unachukua sauti yenyewe. Nijibu kwa kitu gani? Nikikasirika, nimekasirika kwa sauti ileile. Nikiomba, nimeomba kwa sauti ileile. Kila neno ninalolitoa kujitetea linathibitisha kwamba mwigaji alikuwa sahihi. Njia pekee ya kutowachekesha ni kunyamaza.

Na Karani alinyamaza, ingawa hakukuwa na tangazo wala kununa. Jumbe zake za sauti kwenye kundi la chama zilikoma. Hesabu zikaanza kuja kwa maandishi. Neno "narudia" lilitoweka, na badala yake akawa anaandika kiasi kwa tarakimu kisha kwa maneno, kama kwenye hundi. Mkutanoni alianza kutumia Kiingereza cha ofisini, yeye ambaye tangu utotoni hajawahi kunisalimu kwa lugha hiyo. Na kila Dereva alipofungua mdomo, Karani alicheka mapema, kabla ya mzaha kufika. Ukitaka kujua kama rafiki yako ameanza kuumia, usihesabu vicheko vyake. Angalia kama amebadilisha namna anavyosema. Mtu anayefurahia mwigo huendelea kuongea vilevile, na pengine hata kuzidisha makusudi. Anayeumia huanza kujikagua.

Dereva nami tulimtembelea nyumbani, na mazungumzo hayakuwa ya machozi. Dereva alianza kwa kujitetea, na utetezi wake una uzito. "Karani, ndugu yangu, mimi nakuiga kwa sababu nimekaa nawe miaka yote hii. Adui yako hajui unavyokohoa." Ni kweli. Huwezi kumwiga vizuri mtu usiyempenda au usiyemwogopa; hutakuwa na subira ya kumsikiliza.

Karani alimjibu kwamba hana neno na yeye. "Ukiniiga wewe najiona. Wakiniiga hao wengine sijioni, naona mtu fulani wa Bungoma mliyemtunga. Na mzee wangu aliwakosea nini?"

Hakumwomba aache. Alitaka mambo mawili tu: lafudhi itoke, na asiigwe mahali anapotarajiwa kusimama na kusema la maana. Dereva alikubali palepale. Kwake mwenyewe ilikuwa rahisi, lakini kwa steji nzima haikuwa hivyo, kwa sababu mwigo ukishatoka mikononi mwako huwezi kuurudisha kwa kuomba. Nilishauri tuwakemee vijana. Dereva alikataa, akasema ukiwakemea wataongeza. Alichofanya kilikuwa cha akili zaidi. Kila aliposikia mtu akisema "narutia" alimsimamisha na kumsahihisha kama mwalimu: hapana, Karani hasemi hivyo, t yako imekosea, na hata Mbukusu mwenyewe hawezi kusema ntisi, rudia tena. Hakuna kinachoua mzaha haraka kama kufundishwa. Baadhi waliacha kwa kuchoka. Wengine bado wanaendelea, na nadhani wataendelea mpaka watakapopata mwingine.

Karani amerudi kuongea kwenye mikutano ya chama, kwa Kiswahili, ingawa hesabu bado anazituma kwa maandishi. Dereva bado anashikilia kwamba rafiki asiyeweza kuigwa ni rafiki wa nusu. Mimi sikubaliani naye kabisa, lakini tumeshabishana vya kutosha barabarani.

Katika ratiba zangu nimebadilisha jambo moja. Kamati nyingi hupenda kuweka mwigo kwanza ili watu wachangamke, kisha anayeigwa aitwe kutoa shukrani. Mimi sasa naukataa mpangilio huo. Bwana harusi au anayestaafu anaongea kwanza, awashukuru wazazi, awataje waliotangulia, aseme yote aliyokusudia kusema kwa sauti yake ikiwa bado haijaguswa. Marafiki wanapewa maiki baada yake, chakula kikiwa mezani, na kabla sijawapa nawauliza pembeni nani ameketi meza ya mbele na anatoka wapi. Kamati ikisema wakwe ndio wanaofunga ratiba kwa maombi, namwambia mwigaji amalize kabla ya keki, ili kuwe na keki, picha na muziki kati yake na mzee atakayesimama kuomba.